Karakana Ikiungua, Bima Ilipe Miezi Mingapi?

Mwenye karakana ya samani pale Keko, Temeke, akisikia bima ya moto huwaza vitu vyake: mashine ya randa, msumeno wa meza, mbao za mninga zilizopangwa ukutani, vitanda vilivyokwisha kupigwa vanishi vikisubiri wenyewe. Ana haki ya kuwaza hivyo. Karakana ya seremala imejaa vumbi la mbao, tina, gundi na nyaya za umeme zilizoungwa juu kwa juu, na moto ukishika hauna subira.

Sasa tuseme vitu hivyo vyote vilikuwa na bima, na kampuni imevilipa bila kukata hata senti. Bado mwisho wa mwezi unakuja. Mwenye nyumba anataka pango, mafundi wa kudumu wanataka mshahara, benki inataka riba, na nyumbani kunataka kula. Fedha za mashine haziruhusiwi kuliwa, maana zikiliwa mashine hazinunuliwi. Mauzo ndiyo yaliyokuwa yakibeba mizigo hiyo, na mauzo yameungua pamoja na paa.

Pengo hilo huzibwa na bima nyingine, bima ya kusimama kwa biashara, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa imeambatanishwa na ile ya moto. Wafanyabiashara wadogo wengi hawaijui, na wanaoijua huikata haraka haraka, wakijaza kisanduku kimoja bila kukifikiria. Kisanduku hicho huuliza kipindi cha fidia ni miezi mingapi. Jibu lake ndilo litakaloamua kama karakana itafufuka au itabaki hadithi.

Kwanza tuondoe kosa moja linalowapata wengi. Mkataba wa bima huwa wa miezi 12, kwa hiyo mtu hudhani kipindi cha fidia nacho ni miezi hiyo hiyo. Sivyo. Miezi 12 ya mkataba ni muda ambao moto ukitokea unahesabiwa. Kipindi cha fidia ni muda ambao bima itaendelea kulipa baada ya moto kutokea, na saa yake huanza kugonga siku ile ile ya moto. Ukiungua siku ya mwisho ya mkataba, kipindi chako cha fidia kinaanza siku hiyo na kinaendelea hata kama mkataba wenyewe umekwisha muda wake. Na hakikomi siku unapofungua mlango upya. Kinakoma mauzo yanaporudi pale ambapo yangekuwa kama moto usingetokea, au miezi uliyochagua inapokwisha, lolote litakalotangulia.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Wengi huulizwa, "Utachukua muda gani kujenga tena?" wakajibu miezi sita. Swali lenyewe limekosewa. La kuuliza ni wateja watachukua muda gani kurudi.

Tutengeneze mfano tuupige hesabu. Mama mmoja ana karakana ya samani katika banda la kupanga. Anauza kwa shilingi milioni 20 kwa mwezi, yaani milioni 240 kwa mwaka. Katika hizo, milioni 132 hutumika kwa vitu vinavyopanda na kushuka pamoja na kazi: mbao, plaiwudi, vanishi, bawaba, usafirishaji, na mafundi wanaolipwa kwa kipande. Zinabaki milioni 108. Kati ya hizo, milioni 72 ni gharama zinazodaiwa hata kama hakupigwa msumari mmoja: pango milioni 18, mishahara ya mafundi wa kudumu milioni 36, riba ya mkopo milioni 12, na mlinzi na mengineyo milioni 6. Milioni 36 ni faida yake.

Hizo milioni 108 ndizo bima inazoziita faida ghafi, na ni asilimia 45 ya mauzo. Maana yake ni kwamba kila shilingi 100 ya mauzo inayopotea, shilingi 55 hazikutumika kwa kuwa mbao hazikununuliwa, na shilingi 45 ndizo hasara halisi. Bima hulipa hizo 45. Zingatia kwamba faida ghafi hii si lazima ilingane na ile iliyoandikwa na mhasibu kwenye hesabu za mwaka. Mhasibu huenda ameshaondoa mishahara ya mafundi wote na umeme wa karakana kabla ya kufika kwenye faida ghafi yake. Kwa bima, kinachoondolewa ni kile tu kinachokoma chenyewe kazi inaposimama. Fundi wa kudumu unayetaka kumshikilia ili asiende kwa jirani haondolewi.

Moto unatokea. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linafika, linazima, na baadaye linatoa ripoti. Miezi miwili ya kwanza hakuna kinachouzwa: mkadiriaji hasara anakuja na kurudi, vifusi haviguswi mpaka apige picha, mwenye banda hapatikani kwenye simu. Mwezi wa tatu mama anapanga kibanda kwa jirani, ananunua zana ndogo za mkono, anapokea kazi za viti na meza ndogo, na anauza milioni 5 kwa mwezi. Hali inakwenda hivyo mpaka mwezi wa tisa, kwa sababu mambo makubwa yana foleni yake. Kuna kibali cha ujenzi. Kuna kuta na paa. Kuna mashine zilizoagizwa nje, ambazo hazitengenezwi mpaka malipo ya awali yaingie, kisha zipande meli, zifike bandarini, zitolewe. Kuna TANESCO kurudisha umeme wa fezi tatu, maana mashine ya randa haizunguki kwa laini ya taa.

Mwezi wa kumi karakana inafunguliwa. Hapa ndipo watu hujidanganya. Hoteli iliyokuwa ikinunua vitanda imeshapata seremala mwingine na imemzoea. Duka la samani lililokuwa likichukua kabati kila wiki limeweka oda mahali pengine. Mauzo ya mwezi wa kumi ni milioni 8, wa kumi na moja milioni 10, wa kumi na mbili milioni 12. Kisha milioni 15, 17 na 19, na mwezi wa 16 ndipo anagusa tena milioni 20.

Tuhesabu. Kama alichagua miezi sita, katika muda huo alitarajiwa kuuza milioni 120 na aliuza milioni 20. Pungufu ni milioni 100, na asilimia 45 yake ni milioni 45. Kama alichagua miezi 12, pungufu ni milioni 175, na bima inalipa milioni 78 na laki saba na nusu. Kama alichagua miezi 18, hasara yote inaingia ndani, na malipo ni milioni 82 na laki nane.

Msomaji mwangalifu ataona kitu. Kutoka miezi sita hadi 12 tofauti ni karibu milioni 34, fedha za kuinua au kuangusha karakana. Kutoka 12 hadi 18 tofauti ni milioni 4 tu na kidogo. Je, kuna haja ya kulipia miezi ile ya ziada? Kwa hesabu hii ya mambo yaliyokwenda vizuri, mtu anaweza kusema hakuna.

Lakini chelewesha mambo kwa miezi minne. Si lazima litokee jambo kubwa: kibali kinarudishwa kwa marekebisho, au mwenye banda na ndugu zake wanagombania nani ajenge. Karakana sasa inafunguliwa mwezi wa 14 badala ya wa 10, na kule kwa jirani anaendelea kuuza milioni 5. Kwa miezi 12 bima italipa milioni 85 na nusu. Kwa miezi 18 italipa milioni 109 na zaidi ya laki tatu. Ile tofauti ya milioni 4 imekuwa karibu milioni 24. Miezi ya mwisho ni ya bei ndogo mambo yakienda kama yalivyopangwa, kwa sababu mauzo yanakuwa yamekaribia kupona. Ucheleweshaji unaisukuma ile miezi mibaya kabisa, ya mauzo kiduchu, ikaangukie mwishoni, mahali ambapo mtu aliona hapana haja ya kinga. Kwa hiyo ukipanga kipindi chako, usipange kwa ratiba nzuri. Panga kwa ratiba nzuri pamoja na ucheleweshaji unaoujua wewe mwenyewe unayeishi hapa.

Na ucheleweshaji si wa kubuni. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na kazi ya kulikarabati na kujenga jipya pembeni yake ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Karakana si soko kuu, na hakuna anayetarajia miaka mitatu kwa banda la Keko. Lakini mpangaji wa mahali pengine popote ana tatizo lile lile walilokuwa nalo wale wafanyabiashara: ujenzi hauko mikononi mwake.

Hilo la upangaji nataka nilisisitize, kwa sababu karakana nyingi za mjini ziko kwenye mabanda ya kupanga. Mashine ni zako na una bima yake, banda ni la mtu mwingine na huenda halina bima kabisa. Kama halina, hakuna fedha ya kulijenga, na wewe unasubiri mfuko wa mtu. Kabla ya kuchagua kipindi cha fidia, muulize mwenye nyumba kama jengo lina bima, na usome mkataba wa pango unasemaje banda likiungua. Kama jengo halina bima, ratiba yako si ya kujenga, ni ya kutafuta banda jingine lenye nafasi ya mbao na umeme wa kutosha. Wakati mwingine hilo ni la haraka kuliko kujenga. Lakini ukihama mtaa, wateja wa miguu hawakufuati, na kupona kwa mauzo kunarefuka.

Kuna na suala la msimu. Mfano wetu ulisawazisha mauzo kila mwezi ili hesabu iwe nyepesi, lakini hakuna seremala anayeuza hivyo. Mwenye kutengeneza madawati huvuna shule zinapokaribia kufunguliwa Januari. Mwenye sofa huvuna kabla ya sikukuu. Mkadiriaji hasara hulinganisha miezi ya baada ya moto na miezi ile ile ya mwaka uliotangulia, kisha hurekebisha kwa mwenendo wa biashara: kama ulikuwa unakua, anapandisha, kama ulikuwa umepoteza mteja mkubwa kabla ya moto, anashusha. Sasa ukiwa na kipindi cha miezi sita na moto ukatokea Machi, msimu wako wa Desemba na Januari uko nje ya bima. Moto huo huo ukitokea Oktoba, msimu uko ndani. Hakuna mtu anayechagua mwezi wa kuungua. Ndiyo maana kwa karakana yenye msimu, kipindi chochote chini ya miezi 12 ni kamari.

Turudi kwenye kile kibanda cha jirani. Tuseme kukipanga, pamoja na usafiri wa ziada, kulimgharimu mama shilingi milioni moja na laki mbili kwa mwezi, jumla milioni 8 na laki nne kwa miezi saba. Gharama hii ya kujikwamua nayo hulipwa na bima, ila kwa kikomo. Kila mwezi kibanda kiliokoa mauzo ya milioni 5, na asilimia 45 yake ni milioni mbili na robo. Mpaka hapo bima inalipa, maana inajiokolea fidia yake yenyewe. Angetumia milioni tatu kwa mwezi ili auze milioni tano, kile kilichozidi milioni mbili na robo kingemwangukia yeye. Ushauri wa kawaida kabisa: mwambie mkadiriaji kabla ya kupanga kibanda, na upate jibu lake kwa maandishi.

Upande wa pili, bima hukata kile ulichookoa. Mkataba wa pango ukisema pango linasimama banda lisipokalika, basi milioni moja na nusu kwa mwezi kwa miezi tisa, yaani milioni 13 na nusu, inaondolewa. Kwa kipindi cha miezi 12 katika ile ratiba nzuri, malipo yanakuwa milioni 78.75, jumlisha 8.4, toa 13.5: milioni 73 na laki sita na nusu. Hesabu hiyo ndiyo mtu anayoweza kuikagua mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Yote hayo yanategemea kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba, na hapa ndipo machozi mengi hutoka. Mama akiambiwa ataje faida yake anaweza kutaja milioni 36, faida iliyobaki mfukoni, akasahau pango, mishahara na riba. Au akataja milioni 54 ili ada ya bima iwe ndogo. Kwa kuwa kiasi sahihi ni milioni 108, bima ya milioni 54 ni nusu, na kila dai hulipwa nusu. Zile milioni 73 na ushei zinageuka milioni 36 na laki nane, hata kama hasara yenyewe haikufika milioni 108. Kanuni hii ya kupunguza kwa uwiano iko karibu katika kila mkataba wa aina hii.

Kiasi kinafuata pia urefu wa kipindi. Kwa miezi 12 ni faida ghafi ya mwaka mmoja. Kwa miezi 18 ni mwaka mmoja na nusu, katika mfano wetu milioni 162. Kwa miezi 24 ni mara mbili. Ukichagua miezi sita usidhani utaandika nusu. Mikataba mingi iliyorithi maneno ya soko la bima la London hudai bado faida ghafi ya mwaka mzima. Na uangalie mbele, si nyuma. Mkataba ukianza Januari, moto unaweza kutokea Desemba, na kipindi cha miezi 18 kikaingia mwaka wa tatu. Karakana inayokua ikiandika takwimu za mwaka jana, siku ya moto itakuwa tayari iko chini ya kiwango.

Sharti moja linaweza kufuta yote niliyoandika. Bima ya kusimama kwa biashara hailipi kama vitu vyako vilivyoungua havikuwa na bima ya moto, au kama dai la vitu hivyo limekataliwa. Kampuni ya bima haitaki kumlipia mtu miezi ya kusubiri wakati hana fedha ya kununua mashine. Mtu aliyekata ya kusimama kwa biashara akaacha mashine bila kinga amenunua karatasi. Soma pia siku za mwanzo zisizolipwa. Mikataba mingine huruka siku saba au 14 za kwanza, na jambo hilo halina ubaya mradi ulijue.

Dai hili halithibitishwi kwa picha za moto, linathibitishwa kwa vitabu vya mauzo, na vitabu vikikaa kwenye droo ya karakana huungua pamoja nayo. Risiti za mashine ya EFD zina nafuu yake, kwa kuwa mauzo hayo yameshafika kwenye mfumo wa TRA. Taarifa za benki na za miamala ya simu nazo hupatikana upya. Kisichopatikana ni mauzo ya taslimu yasiyoandikwa popote. Seremala anayeuza milioni 20 akatolea risiti milioni 8, bima itamjua kwa milioni 8. Dai likishakubaliwa kimsingi, omba malipo ya sehemu kila baada ya mwezi au miwili. Usingoje hesabu ya mwisho, maana mafundi hawatangoja.

Hukumu yangu ni hii. Fundi cherehani mwenye vyerehani vitano vinavyouzwa mtaa wa pili, anayeweza kuhamia chumba kingine ndani ya wiki mbili, miezi sita inaweza kumtosha kama kazi yake haina msimu. Karakana ya samani au ya kuchomelea iliyo kwenye banda la kupanga, yenye mashine za kuagiza na umeme wa fezi tatu, isishuke chini ya miezi 12, na mahali pake hasa ni 18. Mwambie dalali wako wa bima akupe bei mbili kwa maandishi, ya miezi 12 na ya miezi 18, kwa faida ghafi uliyoihesabu wewe mwenyewe, kabla hujasaini kuhuisha mkataba.